Cheti Hakikai Ukutani

Kwenye kibanda changu cha steshenari hapa Uyole nimebandika tangazo moja tu, na nimeliandika kwa mkono wangu: HATUFANYI LAMINESHENI YA VYETI. Mashine ninayo. Ipo chini ya meza na inafanya kazi vizuri. Vitambulisho vya bodaboda na orodha za bei za mama lishe nafunika kwa plastiki siku nzima. Lakini cheti halisi cha mtu, ng'o. Nimetukanwa kwa ajili ya hilo. Mzee mmoja aliniambia riziki naifukuza mwenyewe mlangoni, halafu Jumapili naenda kumlilia Mungu anipe. Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, na jibu ni lile lile.

Siishii hapo. Ukiniletea cheti nikiskani, nitakuuliza na nyuma. Utaniambia nyuma hakuna kitu. Nitakigeuza mbele yako nikuonyeshe: kuna maelezo ya madaraja, kuna muhuri wa siku uliyokichukua, kuna namba mtu ameiandika kwa penseli. Hata pakiwa peupe nitapaskani, ili kesho mtu asiseme palikuwa na kitu kikafichwa. Vijana wa stendi wakaniita Mama Mbele-na-Nyuma. Waite tu. Wakipata barua ya kuitwa kazini wanakuja kwangu wakikimbia, na siku hiyo hakuna anayecheka.

Hasira hii sikuzaliwa nayo. Niliipata kwenye ukuta wa baba yangu.

Baba ni mkulima wa viazi, kilimani juu ya Uyole. Shule aliishia darasa la saba, na sio kwa kupenda. Mama alishatangulia. Sebule yake ina ukuta mmoja ambao ndio utajiri wake: picha ya harusi yao, picha zetu za kipaimara, kalenda za miaka iliyokwisha ambazo hataki zitupwe. Nilipochukua cheti changu cha kidato cha nne, baba alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto kwa mkunga. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye ukoo wake kukipata. Kesho yake akashuka nacho mjini, akakitia laminesheni, akanunua fremu, akapiga msumari mahali ambapo mgeni akiingia tu macho yanatua hapo. Mahali penyewe palikuwa panatazamana na dirisha la mashariki. Jua letu la huku juu, hata siku ya baridi, linachoma.

Nikaenda kusomea ualimu na nakala kivuli iliyogongwa muhuri wa wakili, wakanipokea na wakabaki nayo. Miaka ikapita, nikamaliza, nikapangiwa kituo cha kazi. Barua ilisema niripoti ndani ya siku kumi na nne nikiwa na vyeti halisi. Nikakishusha cheti ukutani. Wino ulikuwa umekwisha kuondoka. Jina langu lilibaki kidogo, alama zilibaki kama madoa ya chai, namba ya cheti na sahihi ndio usiseme. Afisa aliyekuwa ananipokea akajaribu kupapasa muhuri ule wa kubonyezwa, ambao ukipitisha kidole unausikia, akakutana na plastiki. Akajaribu kuangalia karatasi kwenye mwanga, plastiki ikamng'aria usoni. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba hawezi kusema ni halisi na hawezi kusema si halisi. Ikabidi uombwe uthibitisho kwa waliokitoa. Uthibitisho ulikuja, na ulikuwa sahihi kabisa, ila siku zangu kumi na nne zilikuwa zimekwisha na nafasi ikawa imejazwa.

Sikuwa na skani. Nilikuwa na picha moja niliyoipiga kwa simu, ina kivuli cha kichwa changu katikati, na nilikuwa nimemtumia rafiki kwa WhatsApp. WhatsApp ikaibana mpaka herufi zikawa uji. Simu yenyewe iliibiwa.

Nilimkasirikia baba miezi mingi. Na serikali, na jua. Nikasema siombi tena kazi ya mtu, nikanunua kompyuta ya mkononi iliyotumika na skana ya kulaza karatasi, nikafungua kibanda. Cheti changu sikutaka kukiona tena. Nilikiacha mezani kwa baba siku niliyorudi, na alikipeleka wapi sikuuliza.

Sasa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, na yeye nilimbeba mgongoni. Alisomea uuguzi kule Iringa, upande wa Tosamaganga, akamaliza na stashahada yake nzuri. Siku aliporudi na vyeti, baba alikuwa ameshanunua fremu. Nilimkuta amekaa nayo mapajani, ameifuta vumbi, anasubiri.

"Baba," nikamwambia, "hiki hakipandi ukutani."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Akanitazama. "Wewe ni mama yake?"

"Mimi ni dada yake, na changu ulikiua."

Nilisema hivyo, mbele ya mdogo wangu na mbele ya shangazi aliyekuja na jogoo. Ulimi hauna mfupa. Shangazi akanishika mkono akanitoa nje, akaniambia mtoto hamwambii mzazi neno kama hilo hata kama ni kweli, hasa kama ni kweli. Nikamwambia nimesikia shangazi, na vyeti vyote naondoka navyo.

Siku ile nilifunga kibanda mchana kweupe nikafanya kazi ya mteja mmoja tu. Kioo cha skana nilikifuta mara mbili. Kila cheti kwa rangi, mbele na nyuma, kwa ubora wa kutosha hadi nukta ndogo inaonekana. Muhuri wa kubonyezwa skana huwa haiupati vizuri, kwa hiyo niliupiga picha peke yake, tochi ikiwa imelala pembeni ya karatasi, mpaka duara likanyanyuka na kivuli chake. Halafu majina. Watu wanakufa na majina ya mafaili. Mtu ana vyeti sita kwenye simu na vyote vinaitwa skani moja, skani mbili, "cheti kipya", "cheti kipya ya kweli". Mimi naanza na mwaka wa cheti, halafu aina ya cheti, halafu jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye cheti chenyewe, si lile la nyumbani, halafu mbele au nyuma. Kila kimoja nikakitengenezea matoleo mawili: kubwa la kuhifadhi, na dogo la kupandisha kwenye mifumo ya maombi inayokataa faili zito.

Nikamkalisha mdogo wangu afungue mwenyewe imeili yake. Maana hapa mjini kuna ugonjwa mwingine: mtu anafunguliwa imeili na mwenye steshenari, kwa namba ya simu ya mwenye steshenari, na nywila inabaki kwenye daftari la mwenye steshenari. Siku steshenari ikihama, mtu kapotea. Nikamwambia namba weka yako, nywila tunga yako, usiniambie hata mimi. Mafaili yakapanda kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Nakala ya pili kwenye flashi yenye nywila, ikakaa kwangu ndani ya kisanduku cha kufuli. Ya tatu kwenye diski ninayoifungia nyumbani. Kwenye kompyuta ya kibandani nikafuta zote, mpaka kwenye pipa la takataka, akiona kwa macho yake. Na kila Januari tunafungua zote kuona kama zinafunguka. Mwaka mmoja flashi ilikufa kimya kimya; tukanunua nyingine, hakuna aliyelia.

Vyeti vyenyewe nilivitia kwenye mifuko ya plastiki laini, ile unayotoa na kuingiza, ndani ya faili gumu, ndani ya sanduku la bati la mama, kwa baba. Mdogo wangu alikuwa amepata zahanati ndogo Chimala anajitolea, chumba alichopanga kilikuwa kinavuja, kwa hiyo kwa baba palikuwa salama zaidi.

Kosa langu ndilo hili, na nalisema mwenyewe. Nilitaka kumpoza baba. Nikachapa nakala ya stashahada kwa rangi, kwenye karatasi nene ya rangi ya maziwa, nikaipeleka akaiweke kwenye fremu. Na nilichapa vizuri mno. Nilijivuna nayo. Sikugonga neno NAKALA mahali popote, kwa sababu niliona litaharibu uzuri. Mimi, Mama Mbele-na-Nyuma! Baba aliipokea. "Kwa hiyo hiki ni kivuli," akasema. Nikamwambia ndiyo, na hakuna mgeni atakayejua. Akasema, "Mimi nitajua."

Nilifikiri yameisha.

Miaka ikaenda. Mdogo wangu akaomba kazi kila zilipotangazwa, anapandisha vyeti kwa simu akiwa Chimala kwa dakika chache, wenzake wakihangaika kutafuta gari la kurudi kwao kuchukua karatasi. Mwishowe akapangiwa, halmashauri moja mkoani Iringa. Siku kumi na nne. Zahanati aliyokuwa anajitolea ikamng'ang'ania kidogo akabidhi kazi, akabidhi dawa, siku zikaliwa. Akapita kwa baba kwa haraka, akachukua faili kwenye sanduku, akapanda basi.

Siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, nina wateja watatu wamesimama, simu ikaita.

"Dada."

Halafu kilio.

"Umefika?"

"Nimefika. Dada, wanasema cheti changu cha stashahada ni feki."

Nikawaambia wateja subirini. "Nani anasema?"

"Afisa utumishi. Amepitisha kidole, hakuna muhuri. Amegeuza, nyuma peupe kabisa. Anasema hii ni kopi ya rangi. Ananiuliza kama najua kughushi cheti ni kosa la kupelekwa polisi."

"Toka nje, simama kwenye mwanga. Angalia ukingo wa chini wa hiyo karatasi. Kuna mstari mwembamba wa bluu?"

Printa yangu ina ugonjwa wake. Inaacha uzi wa bluu pale chini, na fundi ameshindwa kuutoa.

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Halafu, "Upo."

Nikakaa kwenye ndoo. Karatasi ile ilikuwa ya mikono yangu. Na kama ile ilikuwa Iringa ndani ya faili, basi najua cheti halisi kilikuwa kinaning'inia wapi, na nani alikipandisha. Lakini kwanza mtoto.

"Futa machozi," nikamwambia. "Hujaiba, hujaghushi. Fungua hifadhi yako. Tafuta stashahada. Umeona?"

"Nimeona. Mbele. Nyuma. Muhuri."

"Rudi ndani. Usinitumie mimi, usimtumie afisa kwa WhatsApp. Mfungulie hapo hapo kwenye simu yako, akuze aone. Anza na nyuma."

"Kwa nini nyuma?"

"Kwa sababu mtu anayeghushi mbele hana nyuma. Nenda."

Nilisikia mlango. Nilisikia sauti yake ikitetemeka mwanzo, halafu haitetemeki tena. Nilimsikia akisema, "Naomba uangalie muhuri wa siku niliyosaini kukipokea chuoni, na hii ndiyo namba." Hakuwa anaomba huruma. Nikaona fahari, jamani, katikati ya balaa lile.

Akampa afisa simu. Sauti ya mwanamume mtulivu.

"Habari za kazi, dada."

"Salama kaka. Hiyo karatasi iliyo mbele yako nimeichapa mimi, ilikuwa ya kupamba ukuta wa baba yetu. Sikuiandika nakala. Kosa ni langu, sio la mtoto. Cheti chenyewe kipo Mbeya."

"Nakuelewa," akasema. "Lakini skani siwezi kuipokea badala ya cheti. Skani inanionyesha pa kuuliza, basi. Hii namba nitawapigia chuo waitafute kwenye rejista yao. Ila karatasi yenyewe naitaka mezani kesho kabla ya saa tisa na nusu. Kesho ndio mwisho wake."

"Utaipata."

"Na hii kopi nabaki nayo."

"Baki nayo," nikasema. "Ila chini yake uandike NAKALA, kwa sababu mimi nilishindwa."

Akacheka kidogo. Nikafunga kibanda. Mteja mmoja akaanza kulalamika, nikamtazama, akaacha.

Njia ya kwa baba ni kupanda, na siku ile niliipanda nikizungumza peke yangu. Nilipanga maneno. Nilipanga kumwambia kwamba mimi alinimaliza, na sasa ameona haitoshi. Nilimkuta amekaa sebuleni anamenya mahindi mabichi kwenye sinia. Sikusalimia. Nilikwenda moja kwa moja ukutani.

Ukuta wa zamani ulikuwa na msumari mtupu tangu changu kishuke. Fremu ya mdogo wangu tangu mwanzo baba aliitundika ukuta wa pili, ule wa giza, pembeni ya mlango wa chumbani, mahali ambapo jua halifiki hata likitafuta. Nikaweka jicho karibu na kioo. Muhuri ulikuwa umevimba kidogo kwenye karatasi. Kilikuwa chenyewe.

"Baba. Uliwahi kufungua sanduku la mama?"

"Ni sanduku la mke wangu."

"Ukabadilisha."

"Nikabadilisha," akasema. Mkono unaendelea kumenya. "Siku ile ile uliyoniletea kivuli chako. Mimi siweki uongo ukutani. Watu wanaingia hapa, wananiuliza, huyu wa pili naye amesoma? Nawaambia tazama. Nimwonyeshe mtu karatasi ya duka?"

"Mwanao yuko Iringa, anaambiwa ni mwizi wa vyeti!"

Mkono ukasimama.

Nikamwambia yote, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Kesho saa tisa na nusu. Polisi. Neno feki. Nilimwambia, "Mimi ulinikosesha, nikanyamaza, nikauza kalamu na karatasi za rim. Yeye sikubali. Wallahi sikubali!" Mimi Mlutheri wa kuzaliwa naapa wallahi, hasira haina dhehebu.

Baba alisimama. Nilifikiri atanifukuza. Akaenda ukutani akaishusha fremu, taratibu, akaipangusa kwa shati.

"Sikukitia plastiki," akasema. "Uliposema plastiki inaua, nilisikia. Uliposema jua, nilisikia. Nilipiga msumari mwingine, kwenye giza."

"Nipe nikitoe niweke kwenye faili."

"Thubutu! Nimekipandisha mimi, nitakipeleka mimi. Kama kuna anayesema mwanangu ni mwizi, aniambie mimi."

Nilibishana naye kidogo, nikaacha. Ukaidi wangu najua ulikotoka.

Alfajiri tukapanda basi, baba amevaa koti lake la kanisani, fremu mapajani ndani ya kitenge cha marehemu mama. Makambako konda akamwambia mzee hiyo picha tuiweke juu kwenye mizigo, baba akamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye atapanda juu kwenye mizigo kwanza. Abiria wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia saa. Mafinga tulisimamishwa, gari likakaguliwa, dakika zikaenda, nikatafuna kucha mpaka kidole kikatoka damu. Baba akaniona. Akanishika mkono ule wenye kidole, akauweka juu ya kitenge, akaubakiza hapo. Sikuutoa.

Tuliingia kwenye ofisi ile saa nane na dakika chache. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, amenyooka, sare yake imepigwa pasi. Alipomwona baba na ule mzigo, alifunika mdomo. Sijui alikuwa anacheka au analia. Baba akampita kwanza, akaingia.

"Kamwene," akamsalimu afisa, kwa salamu ya huko Iringa.

"Kamwene, mzee. Karibu kiti."

Baba hakukaa. Alifungua kitenge, akaweka fremu mezani, katikati ya mafaili. "Cheti cha mwanangu hiki. Kile cha jana ni kosa la nyumba yangu. Kama kuna wa kupelekwa polisi ni mimi, nilikiiba kwenye sanduku la mke wangu."

Afisa akatoa kitu cha kung'olea pini, akageuza fremu kifudifudi, akaanza kunyanyua vimisumari vya nyuma kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao mimi mwenyewe ningeupa alama zote. Akatoa ubao.

"Mzee," akasema, "humu viko viwili."

Chini ya ubao, mgongoni mwa stashahada ya mdogo wangu, kulikuwa na karatasi nyingine ndani ya plastiki iliyogeuka njano. Niliijua kabla hajaigeuza. Cheti changu.

Baba alikuwa anaangalia meza.

"Hicho ni cha huyu mkubwa," akasema polepole. "Ule ukuta wa kwanza jua lilikimaliza. Nikakiweka nyuma ya cha mdogo wake, jua lisikiguse tena."

Miaka yote ile nilidhani alikitupa. Nilipita mbele ya fremu ile kila Krismasi nikiwa nimenuna.

Afisa alipitisha kidole kwenye stashahada, akausikia muhuri. Akageuza nyuma, akalinganisha na skani kwenye simu, muhuri wa siku, namba. Chuo kilikuwa kimeshamjibu. Akaandika, akampa mdogo wangu fomu asaini. Ilikuwa kama saa tisa kasoro. Mdogo wangu alisaini jina lake kamili, kama lilivyo kwenye cheti, na baba ndipo akakaa kwenye kile kiti. "Ndaga," alisema, ile asante yetu ya kwetu, na afisa akaitikia japo kwao hawaisemi.

Cheti changu afisa alinirudishia kwa mikono miwili. Kabla hajakiachia akakiinamisha kuelekea dirishani, akasema, "Dada, hapa pembeni namba ipo kidogo. Wewe si ndiye fundi?"

Wee! Nimeskani nusu ya Uyole. Vyeti vya madereva, vya wauguzi, vya mabinti wa wafugaji wanaotoka huko Usangu na karatasi zimekunjwa nne. Changu sikuwahi. Nilikuwa nawaambia watu akiba haiozi, na yangu niliiacha ioze kwa makusudi, kwa kisirani, ili nipate wa kumlaumu.

Tuliporudi, baba alikataa kupanda kilimani kwanza. Alikuja kibandani akakaa kwenye ile ndoo. Plastiki sikuibandua, maana ukiibandua inaondoka na wino uliobaki. Nilikilaza kwenye kioo hivyo hivyo, nikapandisha ubora mara mbili ya kawaida, nikaongeza weusi kidogo kidogo. Kwenye skrini jina langu likaja. Alama zikaja. Mwisho kabisa, namba. Tarakimu moja ilibaki na utata kati ya tatu na nane, nikaikuza, ikawa nane.

"Na nyuma," baba akasema.

Nikageuza.

Umri wa kuajiriwa bado ninao, miaka michache. Nimeanza taratibu za kuomba kingine badala ya kilichoharibika, na namba nimeijaza bila kubahatisha. Nafasi za walimu zikitangazwa nitapandisha, na wakiniita sitaomba msamaha kwa mtu yeyote. Wasiponiita, kibanda kipo na tangazo langu lipo.

Ukutani kwa baba sasa kuna fremu mbili, upande ule ule wa giza. Karatasi za ndani nimezichapa mimi, na safari hii nimegonga NAKALA kwa wino mwekundu, kubwa, katikati, kwa hasira. Nilitegemea atanuna. Wiki iliyopita alikuja mchungaji na wageni wake, mmoja wao akaona ule wekundu, akauliza kwa upole kama watoto hawana vyeti vyenyewe. Baba alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Vyenyewe vipo," akasema. "Ukitaka kuona, dakika mbili. Mbele na nyuma."